Siku 82 za ratiba yako na asilimia 2 za mshauri: nani yuko sahihi?

*"Nasimamia ujenzi wa bweni la shule wilayani Korogwe. Ratiba yetu ni ya siku 82 za kazi kuanzia mwanzo wa Septemba, na muda wa kila kazi niliuweka mwenyewe kwa uzoefu, bila kujipendelea. Mshauri wa mwenye mradi alinitaka nitoe makadirio matatu kwa kila kazi, akayaingiza kwenye programu ya Monte Carlo, kisha akaniambia kuwa uwezekano wa kumaliza ndani ya siku 82 haufiki asilimia 2. Mimi nilitegemea angalau nusu kwa nusu. Je, bahati nasibu ya kompyuta inaweza kuaminiwa kuliko uzoefu wa fundi? Na niandike tarehe gani kwenye mkataba, ambao una fidia ya kuchelewa?"*

Mhandisi mwenzangu, nimezichukua namba ulizoambatisha nikaziendesha mwenyewe, na nimepata kama asilimia moja na nusu. Mshauri hajakudanganya. Wala wewe hukukadiria vibaya, kwa maana kompyuta haikutumia uzoefu mwingine wowote zaidi ya huo wako. Makadirio yote matatu ya kila kazi yametoka kwako. Kilichokupoteza ni hesabu moja ambayo karibu kila mpanga ratiba huifanya bila kuitilia shaka: kuchukua muda unaotokea mara nyingi zaidi wa kila kazi, kuujumlisha, kisha kuamini kwamba jumla hiyo ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi kwa mradi mzima.

Naanza na kazi moja tu, msingi. Umeandika kwamba ukienda vizuri sana utachukua siku 15, kwa kawaida siku 20, na mambo yakiharibika siku 35. Hiyo siku ya 20 ni kweli kwamba hutokea kuliko siku nyingine yoyote ukizitazama mojamoja. Lakini angalia nafasi iliyopo kila upande wake: kushoto kuna siku 5 tu za kuokoa, kulia kuna siku 15 za kupoteza. Ukichora makadirio hayo kama pembetatu yenye kilele kwenye 20, sehemu iliyo kushoto ya kilele ni robo tu ya eneo lote. Maana yake ni kwamba, kwa maneno yako mwenyewe, uwezekano wa kumaliza msingi ndani ya siku 20 ni asilimia 25, na wastani wa muda wake ni siku 23 na ushei. Kuta, ulizozipa 20, 25 na 40, zina robo hiyohiyo. Ujenzi una tabia hii tangu zamani, kwamba mambo yakienda vizuri sana hayakupunguzii zaidi ya siku chache, ilhali yakienda vibaya hakuna anayejua yataishia wapi.

Sasa unganisha kazi hizo mbili. Ratiba inasema kuta zitakuwa zimefungwa lenta siku ya 45. Ili hilo litimie, ucheleweshaji wa kazi moja lazima ufidiwe na wepesi wa nyingine, na wepesi wenyewe ni haba. Hesabu inatoa asilimia 14, yaani takriban mara 1 katika 7. Bado hatujafika kwenye paa.

Paa ndilo linaloumiza ratiba yako zaidi, na nadhani hapo ndipo ulipopitiwa. Kenchi hazipandi mpaka vitu viwili viwe tayari: kuta zilizofungwa lenta, na mbao za dawa kutoka Mafinga pamoja na mabati. Umeweka mbao siku 30, 45 na 75 tangu siku ya kuagiza, kwa hiyo kwenye ratiba njia zote mbili zinakutana siku ya 45 bila mgongano. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini kazi inayosubiri wawili huanza pale anapofika wa mwisho, na yule aliyewahi huwa amewahi bure. Uwezekano wa mbao kufika ndani ya siku 45 ni theluthi moja, na wa kuta kuwa tayari ni asilimia 14, basi uwezekano wa vyote viwili kuwa tayari siku hiyo ni asilimia 14 ya theluthi, chini kidogo ya 5 katika 100. Hapo hata kenchi moja haijapanda, na karibu nafasi yako yote ya siku 82 imekwisha.

Athari hii ya njia zinazokutana ndiyo iliyofanya watu waachane na hesabu ya mkono. Mbinu ya PERT, ambayo jeshi la majini la Marekani liliitumia kuanzia 1958 katika mradi wa makombora ya Polaris, nayo huomba makadirio matatu kwa kila kazi. Lakini ikishapata wastani hufuata mnyororo mmoja tu, ule mrefu kuliko yote, na kusahau mingine. Mnyororo wa pili ukiwa unakaribiana na wa kwanza, kama mbao zako na kuta zako, hesabu hiyo hutoa tarehe iliyo na matumaini kupita kiasi. Mwaka 1963 Richard Van Slyke alichapisha makala iliyopendekeza kwamba badala ya kuhangaika na hesabu hizo, kompyuta ijenge mradi mara nyingi kwa bahati nasibu, kisha tuhesabu tu matokeo. Huo ndio uigaji wa Monte Carlo, na bahati nasibu unayoihofia haina zaidi ya hapo.

Ukitaka kuona kwa macho yako, mradi wako wote unaingia kwenye mistari michache ya Python:

```python
import numpy as np
n = 10000
t = np.random.triangular
msingi     = t(15, 20, 35, n)
kuta       = t(20, 25, 40, n)
mbao       = t(30, 45, 75, n)
kuezeka    = t(10, 12, 20, n)
umaliziaji = t(20, 25, 40, n)
siku = np.maximum(msingi + kuta, mbao) + kuezeka + umaliziaji
print(np.mean(siku <= 82))
print(np.percentile(siku, [50, 80, 90]))
```

Kila mzunguko ni bweni moja la kufikirika. Kompyuta inachota muda wa msingi kutoka kwenye pembetatu yake, wa kuta kutoka kwenye yake, na kuendelea hivyo. Kisha `np.maximum` inasubiri anayechelewa kati ya kuta na mbao, inaongeza kuezeka na umaliziaji, na kuandika siku ya mwisho. Katika bweni moja msingi unaweza kutoka siku 18, kuta 31, na mbao 57. Paa litaanza siku ya 57, si ya 49, na kama kuezeka kutachukua 13 na umaliziaji 27, bweni hilo litakwisha siku ya 97. Rudia mara 10,000, panga siku zote kuanzia ndogo hadi kubwa, na umeshapata unachokitafuta. Mabweni yaliyokwisha kabla au ndani ya siku 82 ni kama 150. Nusu ya mabweni yamekwisha kufikia siku ya 97. Asilimia 80 yamekwisha kufikia siku ya 104, na asilimia 90 kufikia siku ya 108.

Idadi ya mizunguko huwatia watu wasiwasi usiostahili. Kwa mizunguko 1,000, ile asilimia 80 inaweza kuyumba kama pointi mbili na nusu juu au chini. Kwa mizunguko 10,000 huyumba chini ya pointi moja. Zaidi ya hapo unatwanga maji kwenye kinu, kwa sababu kosa lililo ndani ya makadirio yenyewe ni kubwa mara nyingi kuliko hilo.

Hizo asilimia 80 nazo zisomwe kwa uangalifu. Hazisemi kwamba bweni litachukua siku 104, wala kwamba umebakiza asilimia 20 ya kazi. Zinasema kwamba, ikiwa makadirio yako ni ya kweli na kazi zimeunganishwa kama ulivyochora, basi kati ya mabweni 100 ya aina hii, 80 yangekuwa yamekabidhiwa kufikia siku hiyo, na 20 yangekuwa bado. Wewe unajenga moja tu, na hujui liko kundi gani. Vilevile usitishwe na siku 135, ambayo ni jumla ya mabaya yote kwa pamoja. Katika mizunguko 10,000 huenda usiione hata mara moja, kwa maana ni vigumu kazi zote kuharibika kabisa katika mradi uleule. Ni vigumu, isipokuwa kama kuna kitu kimoja kinachoziharibu zote, na hapo tunafika mahali ambapo mimi na mshauri wako huenda tusikubaliane.

Mistari ile hapo juu inachukulia kwamba kila kazi ina bahati yake. Msingi ukichelewa, kuta hazijui. Je, ndivyo ilivyo kwenye eneo lako? Vuli za Korogwe huanza Oktoba, na mvua inayojaza mitaro ndiyo inayowazuia waashi kupandisha kozi. Genge la vibarua ni lilelile kuanzia msingi hadi lipu. Likiwa zito, ni zito kote. Malipo ya mwenye mradi yakichelewa, kila kitu kinasimama. Kazi zinazougua ugonjwa mmoja hupona na kuzidiwa pamoja, na uigaji usiojua hilo hupunguza hatari kimyakimya, kwa sababu huiruhusu kazi iliyoenda vizuri ifute ucheleweshaji wa nyingine. Nilipoziunganisha kazi nne za eneo la ujenzi kwa uhusiano wa wastani, wa 0.5, na kuziacha mbao peke yake kwa kuwa hatari yake iko Mafinga na barabarani, wastani haukusogea sana, ila matokeo yalitawanyika pande zote mbili. Siku ya asilimia 90 ilisogea kutoka 108 hadi karibu 112. Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uwezekano wa siku 82 nao ulipanda, hadi kama asilimia 5, kwa kuwa msimu mkavu na genge jepesi navyo vinasaidia kazi zote kwa pamoja. Kwa hiyo muulize mshauri swali hili kabla ya mengine: je, kazi zimefungamanishwa, na kwa kiasi gani? Akijibu kwamba programu ilikuwa na chaguo hilo lakini hakuligusa, ujue mkia wa matokeo yake ni mfupi kuliko ukweli.

Jambo la pili la kuhakiki ni yale makadirio matatu, hasa lile la tatu. Watu wanapoulizwa muda mbaya zaidi hutaja muda mbaya kidogo. Niliwahi kumwuliza fundi mwashi mmoja, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, kuta za jengo kama lako zikichelewa sana zitachukua siku ngapi. "Thelathini, bosi, haiwezi kuzidi hapo." Nikamwuliza lile jengo walilomaliza mwaka uliotangulia lilichukua ngapi. Akacheka. "Lile? Lile lilichukua arobaini na tatu, maana mashine ya tofali iliharibika. Lakini lile halihesabiwi." Lile ndilo linalohesabiwa. Tangu siku hiyo huanza na muda mbaya, nikidai na sababu yake, ndipo nishuke kwenye wa kawaida. Kwa sababu mtu akishautaja wa kawaida kwanza, ile miwili mingine huizungushia jirani yake. Na ikiwa ulimaanisha kwamba siku 35 za msingi zinaweza kupitwa mara moja katika miradi kumi, usiziweke kama ncha ya pembetatu, kwa sababu pembetatu inasema kupita hapo haiwezekani kabisa. Sogeza ncha mbele kidogo, au mwambie mshauri azichukue namba zako kama za asilimia 10 na 90. Programu nyingi za kazi hii zina njia ya kuandika hivyo.

Kosa la tatu ni la faili, na nalitaja kwa sababu nililitenda mwenyewe. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii niliendesha uigaji wa mradi mmoja wa maji, na matokeo yakaonyesha asilimia 100 ya kumaliza tarehe 30 Juni. Nilifurahi, nikachapa, nikapeleka. Mkuu wangu aliutazama mchoro kwa sekunde chache, akaniuliza ni mradi gani duniani usioweza kuchelewa hata siku moja. Kumbe mtu aliyeandaa ratiba alikuwa ameipigilia kazi ya mwisho msumari kwa sharti la `Must Finish On`, na kompyuta, kwa utiifu, ikairudisha tarehe hiyo kila mzunguko hata pale kazi zilizotangulia zilipoipita. Dalili yake haijifichi: badala ya kilima chenye mteremko mrefu upande wa kulia, mchoro unatoa nguzo moja iliyosimama kwenye tarehe moja. Dalili ya ndugu yake, yaani kazi ambayo haikuunganishwa na yoyote inayoifuata, ni ngumu zaidi kuigundua; ipe kazi hiyo siku 200 kwa makusudi, na kama tarehe ya mwisho haitikisiki, uzi umekatika mahali.

Turudi kwenye mkataba wako, kwa kuwa siku za kazi si tarehe, na kwenye kalenda kuna jambo ambalo asilimia peke yake hazikuonyeshi. Kwa wiki ya siku sita na sikukuu zikiwa zimeondolewa, siku ya 82 inaangukia wiki ya kwanza ya Desemba. Siku ya 97, ile ya nusu kwa nusu, inaangukia mkesha wa Krismasi. Nani atakuwa anapaka rangi bweni lako siku hiyo? Kuanzia jioni ya tarehe 23 mafundi wako watakuwa stendi wakigombea basi za kwenda kwao, na utawaona tena baada ya mwaka mpya. Ukiiambia kalenda ukweli huo, kwamba hakuna kazi kuanzia tarehe 24 Desemba hadi Jumatatu ya kwanza ya Januari, matokeo yanagawanyika mapande mawili yenye pengo katikati. Kama asilimia 44 ya mabweni yanakwisha kabla ya mapumziko, na yaliyobaki yote yanaangukia Januari, ambako siku ya 104 sasa inakuwa katikati ya mwezi, wanafunzi wakiwa wameshabeba magodoro. Wastani wenyewe unaangukia ndani ya likizo, siku ambayo hakuna bweni lolote litakalokabidhiwa. Ndiyo maana huwa sipendi kuripoti wastani wa tarehe.

Swali lako la tarehe ipi kwa hiyo linageuka kuwa swali la iwapo unaweza kuuvusha mradi upande wa kushoto wa pengo hilo. Programu ya mshauri ina safu inayoonyesha ni katika mizunguko mingapi kila kazi ilikuwa kwenye mnyororo uliobeba tarehe ya mwisho. Kwa namba zako, mbao zilikuwa ndizo zinazosubiriwa zaidi kidogo ya mara 4 katika 10, na kuta katika zilizobaki. Hii ndiyo safu ninayoifungua kwanza, kabla hata ya mchoro, kwa sababu inakwambia pesa ikaingie wapi.

Nimejaribu mambo mawili. La kwanza, kuagiza mbao siku 10 za kazi kabla ya kuanza kuchimba, yaani kulipa malipo ya awali mara mkataba unaposainiwa badala ya kungoja eneo likabidhiwe. Uwezekano wa kumaliza kabla ya mapumziko unapanda kutoka 44 hadi karibu 58. Gharama yake ni fedha kukaa nje mapema na mbao kuhitaji mahali pa kufunikwa zisipinde kwa jua. La pili, kuongeza genge jingine la lipu na sakafu wakati wa umaliziaji, nikidhani muda wake utashuka hadi 16, 20 na 30. Hilo peke yake linapandisha hadi kama 75. Nimeigusa dhana hiyo kwa tahadhari, maana genge la pili linafaa tu kama vyumba vimegawanyika kiasi cha kutosha watu wasipigane vikumbo, na wewe ndiye unayelijua jengo. Ukifanya yote mawili, unafika asilimia 86, na siku ya asilimia 80 inashuka hadi ya 94, siku chache kabla ya Krismasi.

Hata hivyo, kwa hatua zote mbili, siku 82 bado haifiki mara 1 katika 5. Usiisaini. Ushauri wangu ni kuibakiza kama lengo la ndani la kuwaendeshea mafundi, kwa sababu genge lililoambiwa lina siku 94 litatumia siku 94, na kwenye mkataba kuandika tarehe inayolingana na siku ya 94 au ya 96 ikiwa mwenye mradi anakubali kulipia mbao mapema na wewe umeliweka genge la pili kwenye bei yako. Akikataa malipo ya awali, mwonyeshe hiyo tofauti kati ya 44 na 58, kisha umwombe achague: ama fedha sasa, ama tarehe ya katikati ya Januari. Na kabla ya kuamua kati ya asilimia 80 na 90, linganisha fidia ya siku moja ya kuchelewa na gharama ya siku moja ya genge la pili. Fidia ikiwa ndogo, asilimia 80 inatosha. Ikiwa inameza faida yako kwa siku tano, panda hadi 90 au upandishe bei.

Kwa ratiba ya kazi tano kama tulivyoifanya hapa, huhitaji mtu. Ratiba yako kamili, iliyo na kazi mia na zaidi pamoja na umeme na maji taka, inahitaji kukaa meza moja na mshauri huyo faili likiwa wazi, si kutumiana picha za mchoro. Mwombe akuonyeshe kwanza viungo vya kazi zinazoingia kwenye paa, kisha kalenda ya Desemba, kisha uhusiano aliouweka kati ya kazi zinazonyeshewa na mvua moja, na fundi mwashi na anayeleta mbao wawepo wakati makadirio ya tatu yanapopitiwa upya. Lakini ikiwa mkataba umeshasainiwa kwa siku 82 na tayari mnavutana kuhusu nani kachelewesha, uigaji huu hautakusaidia, kwa kuwa unatazama mbele tu na hausemi lolote kuhusu makosa ya siku zilizopita. Hapo unahitaji mtaalamu wa madai ya nyongeza ya muda, pamoja na shajara yako ya eneo la ujenzi ikiwa na tarehe za mvua, za mbao kupokelewa na za maagizo yote uliyopewa kwa maandishi.